Salio la Ruzuku Mradi Unapofungwa

Ndugu wahasibu wenzangu, katika habari nzima ya taarifa ya fedha kwa mfadhili nitashika jambo moja tu, nalo ni salio linalobaki siku mradi unapofikia ukomo, kwa sababu hapo ndipo ninapoona kazi safi ya mwaka mzima ikiharibika.

Tuchukue mfano wa ruzuku ya 100,000 iliyopokelewa yote, yenye vifungu vinne: mishahara 40,000, mafunzo 35,000, vifaa 15,000 na uendeshaji 10,000. Mishahara na uendeshaji vimetumika kama vilivyopangwa, vifaa vimegharimu 16,200, na mafunzo yametumia 21,000 tu kwa kuwa awamu ya mwisho haikufanyika. Matumizi yote ni 87,200, hivyo salio ni 12,800.

Ziada ya vifaa, ambayo ni 1,200, ni asilimia 8 ya kifungu chake. Ikiwa mkataba unaruhusu kuzidisha kifungu kwa asilimia 10 bila kibali, inatosha kuieleza. Ikiwa hauruhusu, kibali kilipaswa kuombwa kabla ya kununua. Kuihamishia kwenye mafunzo ili jedwali lipendeze ni udanganyifu, na mkaguzi ataugundua mara atakapofungua hati ya malipo.

Kishawishi kikubwa zaidi kiko kwenye mafunzo. Wiki za mwisho, meneja wa mradi huja na pendekezo la kuwalipa wakufunzi mapema ili fedha zisirudi. Malipo hayo si matumizi, kwa kuwa huduma haijatolewa ndani ya muda wa mkataba. Kinyume chake, semina iliyofanyika kabla ya ukomo na ankara yake ikalipwa baadaye kwa kawaida hukubalika, mradi deni hilo limeingizwa vitabuni na linalipwa ndani ya muda ambao mfadhili ameuweka.

Sasa tufungue taarifa ya benki. Inaonyesha 8,300, wala si 12,800, ingawa hakuna deni lolote la mradi lililosalia. Katika pengo la 4,500, kiasi cha 1,500 ni masurufu ambayo watumishi hawajayarejesha wala kuyatolea stakabadhi, na 3,000 zilikopwa kulipia pango la mradi mwingine. Hili la pili ndilo linalonisumbua sana, kwani leja ya ruzuku haitalionyesha kama matumizi, na taarifa itasomeka vizuri mpaka mfadhili atakapodai fedha zake. Kwa hiyo salio la leja lilinganishwe na benki kila mwezi, kwa kila ruzuku peke yake.

Ikiwa awamu iliyobaki bado ina maana, barua ya kuomba muda zaidi bila nyongeza ya fedha ipelekwe kabla ya tarehe ya ukomo, ikieleza sababu, ratiba mpya na vifungu vitakavyotumika. Mpaka kibali cha maandishi kipatikane, 12,800 zibaki vitabuni kama fedha zenye masharti, zisiingizwe katika akiba ya shirika. Kibali kikikosekana, zirudishwe zote, pamoja na riba ya benki ikiwa mkataba unaidai, na 3,000 zile zitoke katika fedha za shirika lenyewe zisizo na masharti.