Mmetuuliza, Halafu? Dodoso la Maoni ya Wafanyakazi

MASANJA: Karibuni wasikilizaji, tuko Mwanza kama kawaida. Leo nimembana dada Neema kwa sababu yeye ni afisa rasilimali watu na madodoso ya wafanyakazi ndiyo kazi yake. Dada, mtaani wanasema karatasi zile zinajazwa, zinaingia kabatini, na mwaka ukigeuka zinarudi upya.

NEEMA: Na zikirudi mara ya tatu watu wanaweka tiki kwenye "nakubali" kuanzia juu mpaka chini ili wawahi daladala. Hapo ofisi inabaki na karatasi tu. Ndiyo maana mimi naanzia mwisho. Kabla dodoso halijaandikwa namkalisha meneja, namsomea swali moja moja, kisha namuuliza: hapa wakikupa 2 kati ya 5 utafanya nini, na kwa fedha ipi? Akikosa jibu, swali linatoka.

MASANJA: Mishahara je? Ukiitoa hiyo si watasema mnakwepa?

NEEMA: Watasema, na wana haki. Lakini kama mshahara umeshafungwa kwenye mkataba wa hali bora kati ya kampuni na chama cha wafanyakazi, kuuliza "unaridhika na mshahara?" ni kuamsha tumaini usiloweza kulitimiza. Naandika juu ya karatasi kabisa: mishahara inajadiliwa na chama, hapa hatutaiuliza. Halafu nauliza kilichomo kwenye uwezo wetu, kwa mfano, "Naelewa jinsi malipo yangu ya saa za ziada yanavyokokotolewa."

MASANJA: Tupe mfano wa kushika.

NEEMA: Tuchukue kiwanda cha kufikirika cha minofu ya sangara, hapa hapa kando ya ziwa. Wapo watu 160: wakata minofu 90, wafungaji 40, chumba cha baridi 14, mafundi 12, maabara ya ubora 4. Samaki wakichelewa kufika, zamu ya jioni inarefuka. Sasa wewe ni mmoja wa wale wanne wa maabara, na karatasi inakuuliza idara, jinsia, umri na miaka kazini.

MASANJA: Aa, hapo si bora niandike jina langu tu!

NEEMA: Ndiyo hapo. Mimi nauliza vitu viwili tu, idara na zamu, na kundi lenye waliojibu chini ya kumi sitoi matokeo yake peke yake. Watu wengi wanaficha kundi dogo wakidhani wamemaliza kazi. Ukitangaza wastani wa kiwanda kizima na wastani wa idara nne, ukaificha maabara, mtu mwenye kikokotoo anatoa hesabu na kuipata. Kwa hiyo maabara naiunganisha na mafundi wanakuwa 16, na nawaambia hivyo kabla hawajajaza.

MASANJA: Na karatasi anakusanya nani?

NEEMA: Asikusanye msimamizi, na sanduku lisikae mlangoni pa ofisi yake. Yale maoni ya kuandika kwa mkono nayachapa upya kwa muhtasari. Mwandiko unajulikana, na kuna watu wana msemo wao ambao kiwanda kizima kinaujua. Siku msimamizi akianza kuulizia "huyu aliyeandika hivi ni nani?", dodoso la mwakani limeshakufa.

MASANJA: Maswali yenyewe yanaharibikia wapi?

NEEMA: Mara nyingi kwenye "na". "Msimamizi wangu ananisikiliza na anagawa kazi kwa haki." Anakusikiliza vizuri lakini kazi nzuri anampa shemeji yake, utaweka ngapi? Igawe iwe sentensi mbili. Halafu uliza jambo lililotokea: "Mwezi uliopita nilijua mapema kama zamu yangu itarefuka." Hilo linajibika. "Nina furaha kazini" linategemea mtu kaamkaje.

MASANJA: Haya, majibu yamerudi.

NEEMA: Tuseme wafungaji wote 40 wamejibu, na kwenye swali hilo la zamu wastani wao ni 3.5. Meneja anasema si mbaya, twende mbele. Mimi sikubali. Naitandaza hesabu: 20 wa mchana wameweka 5, na 20 wa jioni wameweka 2. Hakuna hata mtu mmoja aliyeweka 3 wala 4! Ile 3.5 si maoni ya mtu yeyote.

MASANJA: Kumbe tatizo si idara, ni zamu.

NEEMA: Na hata hapo bado sijui shida ni nini. Namba inanionyesha mahali tu. Kwa hiyo nakaa na watu wa jioni, msimamizi wao akiwa hayupo, na ndani ya muda wa kazi unaolipwa. Ukiwaita baada ya zamu utaongea na viti. Hapo ndipo wanakwambia kwamba kurefushwa kwa zamu si neno, wanaihitaji hiyo hela. Kinachowaumiza ni kuambiwa saa 4 usiku kwamba mnaendelea mpaka saa 6, wakati mtu anaishi Kisesa au Buhongwa na hajapanga atarudije, na mtoto kamwacha kwa jirani.

MASANJA: Mimi ningekimbilia kupunguza saa.

NEEMA: Ungekuwa umewakata kipato, wakachukia zaidi. Na hapo hapo kwenye kikao mmoja akisema saa za ziada hazilipwi ipasavyo, hilo usiliweke kwenye orodha ya mipango. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu, na ifanywe kwa makubaliano. Hilo linaenda kwa mhasibu kesho yake asubuhi. Haki ya kisheria haipigiwi kura.

MASANJA: Basi meneja ameamuaje?

NEEMA: Kwenye mfano wetu wafanyakazi wameomba mambo mawili. La kwanza, wajulishwe mapema. Meneja anakubali: saa 8 mchana mtu wa mapokezi ya samaki anaandika ubaoni mzigo unaotarajiwa na saa ya kumaliza, na ikibadilika baada ya hapo, asiyeweza kubaki anaondoka bila kuulizwa. La pili, basi la kampuni kila usiku. Hilo anakataa, bajeti haitoshi, ila zamu ikipita saa 5 kutakuwa na gari la kukodi la njia mbili.

MASANJA: Na hilo "hapana" mnalitangaza?

NEEMA: Kwa herufi kubwa ileile ya "ndiyo", na sababu yake. Ndani ya wiki tatu tangu sanduku lifungwe, meneja mwenyewe anasimama kwenye kila zamu, jioni ikiwemo, anasema: mlituambia hivi, tunafanya hili kuanzia Jumatatu, lile hatuliwezi kwa sababu hii, anayesimamia ni fulani. Akimtuma karani wa ofisi, ujumbe umeshapungua nusu.

MASANJA: Utajuaje kama limefanya kazi?

NEEMA: Baada ya miezi mitatu nawarudishia watu wa jioni swali lilelile, neno kwa neno, kipimo kilekile. Ukibadilisha maneno huwezi kulinganisha. Naongeza moja: "Kuna jambo limebadilika kutokana na dodoso lile?" Pembeni nachungulia mahudhurio ya jioni, ingawa hayo yana sababu nyingi, siyategemei peke yake.

MASANJA: Na wakiweka 2 tena?

NEEMA: Kwanza naenda kuutazama ubao wenyewe saa 8 na dakika 10, siku tofauti, bila kutoa taarifa. Mara nyingi utakuta kilichoandikwa ni cha juzi.