Vijana Watano, Si Vijana Vitano: Kuiandikia Namba Mashine Inayosoma

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Nimeombwa nizungumzie namba, na nitaanza na saa.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa naandika ujumbe wa sauti wa kliniki. Kompyuta inampigia mama simu, inamsomea siku na saa ya kumleta mtoto. Kwenye mfumo wa kituo iliandikwa 10:30. Injini, yaani programu inayogeuza maandishi kuwa sauti, ikasoma kama ilivyofunzwa: "saa kumi na nusu." Akina mama wakaja saa kumi na nusu, jua limeshainama na wauguzi wa zamu ya asubuhi wameshaondoka. Hakuna aliyekosea kusikia. Aliyekosea ni mimi, niliyeiachia mashine tarakimu nikidhani inajua kwamba kwetu siku huanza jua likichomoza. Kumi na nusu ya kompyuta ni saa nne na nusu yetu. Unatoa sita, ikiwa haitoshi kutoa, unaongeza sita: 05:00 inakuwa saa kumi na moja alfajiri. Jibu likizidi kumi na mbili, unatoa kumi na mbili tena. Na ukishapata saa, ongeza "asubuhi" au "usiku," maana saa nne zipo mbili kwa siku.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja: tarakimu haifiki kwenye injini. Naiandika kwa maneno mwenyewe, au naandika programu ndogo inayoiandika kabla. Leo nataka tuone kwa nini kazi hiyo kwa Kiswahili ni ngumu kuliko inavyoonekana. Tuchukue ujumbe huu, unaofanana na niliokuwa nao:

"Kliniki tar. 2/4 saa 10:30. Njoo na watoto 2. Vidonge 2 x 3. Baki la ada TZS 32,000/=. Maswali: 0712 345 678."

Namba ya simu ni ya mfano tu, msiipige.

Anzeni na "watoto 2." Injini nyingi zinajua kwamba 2 ni "mbili," basi. Zitasema "watoto mbili," na msikilizaji atajua hapo hapo kwamba anaongea na kitu kisichozaliwa kwetu. Sote tunajua moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hufuata ngeli, na sita, saba, tisa na kumi hazifuati. Watoto wawili, vitanda viwili, miaka miwili, mayai mawili; lakini watoto sita, vitanda sita. Kosa hili hujificha kwa muda mrefu kwa sababu vitu tunavyovijaribia kwanza ni shilingi, dakika, siku na lita, na zote hizo huchukua "mbili" tupu. Unajaribu wiki nzima, kila kitu kiko sawa, halafu anatokea mtoto.

Bahati yetu ni kwamba kwa Kiswahili nomino hutangulia namba. Programu ikifika kwenye 2 imeshaliona neno "watoto," kwa hiyo inaweza kuangalia nyuma. Kijana mwenye haraka ataandika: neno likianza na w-, weka wa-, likianza na vi-, weka vi-, likianza na ma-, weka ma-. Nami niliandika hivyo. Nikapata "vijana vitano," "viongozi vitatu," "madaktari manne." Nikapata na "wiki wawili," kwa sababu neno lilianza na w. Viumbe hai hawafuati umbo la neno, wanafuata uhai wao: vijana watano, madaktari wanne, ng'ombe wawili. Hakuna hila ya kukwepa hapa. Unahitaji orodha ya majina ya watu na wanyama yatakayotokea kwenye ujumbe wako, na kwa ujumbe wa kliniki orodha hiyo haijai ukurasa. Neno lisilokuwemo ndipo liangaliwe kiambishi.

Sasa namba kubwa. Watoto 12 ni kumi na wawili. Watoto 200 ni mia mbili, si mia wawili, kwa sababu ile mbili inahesabu mia, haihesabu watoto. Watoto 202 ni mia mbili na wawili. Kinachopatana na nomino ni ile tarakimu ya mwisho tu, ile ya mamoja. Na ikiwa tarakimu hiyo ni 1, upatanisho unarudi umoja hata kama nomino ni ya wingi: watoto ishirini na mmoja, vitabu ishirini na kimoja, miaka ishirini na mmoja, mayai ishirini na moja. Kwa hiyo programu haitoshi kujua kwamba vitabu ni vi-. Lazima ijue kwamba kimoja chake ni ki-. Hapa ndipo programu nyingi nilizoziona zinaanguka, na ukitaka kuipima injini yoyote kwa sekunde kumi, ipe "vitabu 21" na "vijana 21."

Tukija kwenye fedha, shilingi haina tabu ya ngeli, lakini ina tabu nyingine. TZS 32,000. Wengi wetu tungesema "elfu thelathini na mbili." Sawa. Na 30,002 tungesemaje? "Elfu thelathini na mbili." Maneno ni yale yale. Mezani hatubabaiki, kwa sababu hakuna anayedaiwa shilingi mbili, na mdomo wetu unajua mahali pa kutua: elfu thelathini, halafu pumzi, na mbili. Injini haina pumzi hiyo usipoipa.

Kwa watu, ngeli inatuokoa bila sisi kujua. "Watu elfu thelathini na wawili" ni 30,002. "Watu elfu thelathini na mbili" ni 32,000, maana mbili ile ni ya elfu. Neno moja limebeba tofauti ya karibu watu elfu mbili! Lakini kwa nomino kama shilingi na kura, ngeli haisemi kitu. Mkisomesha mashine matokeo ya kura, muwe macho sana hapo. Dawa ninayoitumia ni kuirusha elfu mwishoni: "shilingi thelathini na mbili elfu." Haina maana ya pili. Ikizidi laki, tumia laki: 102,000 ni "laki moja na elfu mbili," kwa sababu "elfu mia moja na mbili" ina ugonjwa ule ule.

Dada pale ameuliza kama haisikiki ya kizamani. Labda kidogo. Lakini bili isikike ya kizamani na ieleweke.

Turudi kwenye vidonge. "2 x 3" ikiandikwa "vidonge viwili mara tatu kwa siku," sarufi haina kasoro. Lakini mgonjwa anayesikia mara moja tu, bila karatasi mkononi, anaweza kujiuliza: viwili ndivyo vyote, au viwili kila mara? Kiswahili kina jibu lake tangu zamani, tunarudia: "vidonge viwili viwili, mara tatu kwa siku." Mhudumu wa duka la dawa husema hivyo bila kufundishwa. Iandikieni mashine kama mhudumu yule anavyosema, si kama cheti cha daktari kinavyoandikwa.

Kurudia huko huko ndiko kunakotuletea shida kwenye simu. Namba ya msaada kwa mtoto, Tanzania na Kenya, ni 116. Ukiiandika "moja moja sita" bila alama, injini inaikimbiza, na "moja moja" kwa sikio letu ni mtindo wa kufanya jambo, kama "mbili mbili" katika mstari wa shule. Weka mkato: "moja, moja, sita." Mkato unafanya kazi karibu kwenye kila injini.

Namba ndefu ukiiacha 0712345678, injini inaweza kuidhani ni hesabu, ikaidondosha sifuri ya mbele na kuanza na "milioni mia saba." Andika tarakimu moja moja, kwa mafungu ya nne, tatu, tatu, kama tunavyoandika kwenye vibao vya maduka. Najua mitaani tunasema "sabini na nane" kwa 7 na 8 zilizofuatana. Kwa mtu anayeandika huku anasikiliza, usifanye hivyo; akisikia "sabini" anaandika 70, halafu anafuta. Na kuna jozi ya kuiogopa: sita na tisa. Zina vokali zile zile, na konsonanti zile zile zimebadilishana nafasi. Kwenye laini mbovu huwezi kuzitofautisha, na hakuna uandishi utakaoliondoa hilo. Unachoweza ni kupunguza kasi na kuisoma namba mara mbili.

Kama injini yenu inapokea SSML, lugha ya alama iliyosanifiwa na W3C, mnaweza kupanga vituo wenyewe:

```
<speak version="1.1" xmlns="http://www.w3.org/2001/10/synthesis" xml:lang="sw-TZ">
Piga sifuri saba moja mbili <break time="400ms"/>
tatu nne tano <break time="400ms"/>
sita saba nane.
</speak>
```

Mtauliza kwa nini situmii `<say-as interpret-as="telephone">`, ambayo imewekwa kwa kazi hii hii. Kwa sababu kiwango chenyewe hakikuorodhesha thamani za `interpret-as`. Kila mtengenezaji ana zake, na inayofanya kazi kwa Kiingereza huenda kwa Kiswahili isifanye lolote. Maneno niliyoyaandika kwa herufi hayana pa kupotelea.

Vifupisho nitavipitia upesi. Nukta ndiyo adui. "Dkt. Asha" injini inaona sentensi imekwisha baada ya Dkt., inatua, halafu Asha anaanza upya peke yake. Andika Daktari. "Na. 4" ni namba nne, lakini mashine inasoma "na nne." "Sh." ni shilingi msikitini? Hapana, pale ni sheikh. Kwa hiyo angalieni kinachofuata: tarakimu au jina. Alama zinazokaa nyuma kwenye maandishi lazima zije mbele mdomoni: 5% ni asilimia tano, 500mg ni miligramu mia tano, 32,000/= inaanza na shilingi. Na "2/4" nimewahi kusikia ikisomwa "mbili mkwaju nne." Mama mmoja akauliza mkwaju ni wa dawa gani.

Kuna vifupisho tunavyovitamka kama neno, TANESCO, TAKUKURU, BAKITA. Hivyo viandikwe kwa herufi ndogo ili injini isivitaje herufi moja moja. Vingine tunavitaja kwa herufi zenye sauti ya Kiingereza cha kwetu: CCM ni "si-si-emu," ATM ni "ei-ti-emu." Viandikwe hivyo hivyo. VVU mimi naifungua kabisa: virusi vya ukimwi.

Ujumbe wetu basi unakuwa hivi: "Kliniki ni tarehe mbili, mwezi wa nne, saa nne na nusu asubuhi. Njoo na watoto wawili. Vidonge ni viwili viwili, mara tatu kwa siku. Baki la ada ni shilingi thelathini na mbili elfu. Ukiwa na swali, piga sifuri, saba, moja, mbili. Tatu, nne, tano. Sita, saba, nane. Narudia namba."

Umerefuka, ndiyo, na dakika za simu zinalipiwa. Kupima sifanyi kwa spika za ofisini. Nampigia mtu asiyeujua ujumbe, simu ya kawaida, yuko stendi au sokoni, namwambia aandike anachosikia kisha anitumie. Nikiona ameandika 9 palipokuwa 6, narefusha kituo kutoka milisekunde 400 hadi 600 na kumpigia mwingine.