Kidole hakitumwi kwa meseji

Shikamooni wazee, vijana mambo vipi. Mwenyekiti wa kikoba kashaanza kuangalia saa na mimi sijaongea bado, basi naingia moja kwa moja. Nani hapa hajawahi kupata ile meseji, "Ndugu mteja laini yako itafungwa leo saa 12 jioni, piga namba hii usajili upya"? Hakuna. Hata hapa Temeke nzima hayupo.

Haya nisikilizeni, hili nimelisema mpaka nyumbani wananikimbia. Toka Mei 2019 laini Tanzania inasajiliwa kwa namba ya NIDA na alama ya kidole. Kidole chako, kwenye mashine, mbele ya wakala. Sasa huyo anayekwambia nitakusajilia kwa simu, kidole chako atakipata wapi? Utakitumbukiza kwenye spika? Hawezi kukusajili, hata angetaka! Kwa hiyo kama hawezi, kuna kitu kingine anachotafuta, na hapo ndo akili inatakiwa iamke.

Najua kuna mzee hapo nyuma anasema, mbona serikali ilizima laini kweli. Kweli kabisa mzee wangu. Mwisho ulikuwa 20 Januari 2020, halafu Februari 13, 2023 zikazimwa zile ambazo hazijahakikiwa. Ndo maana tapeli anafanikiwa, hakutunga tishio, amelikuta limeshatangazwa tayari. Sasa mimi sikwambii kila meseji ni uongo. Nakwambia namba iliyo ndani ya meseji usiipige, hata kama juu imeandikwa jina la kampuni. Ukitaka kujua, uliza kwa njia yako mwenyewe.

Kuna mama anauza samaki pale Feri, yeye aliipiga. Kijana akapokea kwa heshima, mama yangu mama yangu nyingi, akaomba namba ya NIDA zile tarakimu 20, mama akasoma zote. Halafu akaambiwa "ili mfumo ukutambue, bonyeza *21* kisha weka namba hii, malizia na #, piga". Mama akapiga, kikatokea kimaandishi cha kiingereza, akaambiwa tayari mama, laini imesajiliwa. Akashukuru! Kumbe ile ni ya kudaivati, simu zote za mama zinahamia kwa yule kijana. Kijana akaingiza namba ya mama kwenye wasapu yake, wasapu wakataka zile namba sita, akachagua apigiwe simu asomewe badala ya kutumiwa meseji, na simu ikaita kwake, sio kwa mama. Mama hakuulizwa namba ya siri hata mara moja, ndo maana hakushtuka. Jioni ndugu zake wanaona kwenye wasapu mama anaazima hela ya mzigo, namba ni yake, picha ni yake, wengine wakatuma. Ajabu yenyewe mama alishinda anasema leo simu haiiti, biashara mbaya. Hiyo ndo dalili, simu haiiti lakini meseji zinaingia. Ukiona hivyo piga *#21# uone kama zinahamia mahali, na ##21# kuzirudisha.

Sasa kuhakiki. Piga *106# kwenye laini hiyo hiyo unayoambiwa inafungwa. Menyu zinatofautiana kidogo kampuni kwa kampuni, ila utapata sehemu ya kuangalia usajili wako na sehemu ya kuona namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Likitokea jina lako, imeisha hiyo, endelea kukaanga samaki. Inakuonyesha za mtandao huo tu, kwa hiyo mwenye laini mbili anapiga mara mbili. Ukikuta namba usiyoijua, usimtafute mwenyewe umgombeze, nenda duka la kampuni na NIDA yako waitoe. Hizi mara nyingi zinatoka kwa wale wa mwamvuli barabarani, "dada rudia kidole hakijasoma", unarudia mara tatu, kumbe cha pili kimesajili laini ya mtu mwingine. Sisemi wote, ila ukiambiwa rudia, muulize kwanza kwenye skrini imeandika nini.

Mwenyekiti nimekuona, namaliza. Kampuni ikikupigia inatumia namba 100, na wewe ukiwataka piga hiyo hiyo. Meseji ya utapeli iforwadi kwenda 15040, watakujibu wakiomba namba iliyokutumia, unawapa. Mambo ya e-sim nilitaka kusema, leo hatuwezi, tutakesha.

Swali? Ndio dada. Hapana, ukiwa umeshawasomea NIDA tu bila kubonyeza kitu hujaibiwa bado, ila leo leo piga *106# laini zako zote, na baada ya wiki rudia tena. Toeni simu tupige wote hapa hapa, mwenye kiswaswadu pia inakubali.