Jina la kubonyeza kwa kidole gumba
(Mhadhara kwa vijana wanaounda huduma za simu, Mtwara mjini)

Asanteni. Mwenyekiti amenipa dakika kumi na tano, basi naingia moja kwa moja kwenye neno MNADA.

Kila msimu wa korosho huja kijana ananiambia, "Mwalimu, nimetengeneza huduma. Mkulima anatuma neno MNADA kwenda namba fupi, anarudishiwa bei." Nami kila msimu naomba jambo moja: tuiandike kwenye kitochi. Mtasema nang'ang'ania, na kweli nang'ang'ania, maana nilikuwa nimeketi na mama yangu mdogo kule Tandahimba siku alipojaribu huduma ya namna hiyo. Alibonyeza 6 mara moja apate M, halafu 6 mara mbili apate N. Kwenye kioo ikatoka O. Akaendelea na A, D, A, akatuma. Likaenda neno OADA. Jibu: "Ombi lako halijaeleweka." Akarudia, salio likakatwa tena. Mara ya tatu akaiweka simu chini, akaniambia atasubiri kuisikia bei kwa katibu wa chama.

Mama hakukosea herufi. M, N na O zinakaa kitufe kimoja. Ukitaka M kisha N, lazima usubiri kama sekunde moja, au ubonyeze mshale, ndipo uendelee. Usiposubiri, simu inahesabu mibonyezo mitatu na kukupa O. Tazameni basi: MNADA ni mibonyezo sita tu, jina fupi kabisa kwa hesabu, na bado linakwama. Hesabu ya mibonyezo peke yake haitoshi. Angalieni herufi mbili zinazofuatana: je, zinatoka kitufe kimoja?

Na Kiswahili chetu kimejaa jozi hizo. GHALA: G na H zote ziko kwenye 4, usiposubiri unapata IALA. Maneno yote yenye "hi" yana shida hiyohiyo.

Sasa chukueni BEI. B ni 2 mara mbili, E ni 3 mara mbili, I ni 4 mara tatu. Mibonyezo saba, mmoja zaidi ya MNADA, lakini kidole kinahama kitufe kila herufi. Hakuna kusubiri. Mama aliandika BEI mara ya kwanza bila kuelekezwa.

Kuna atakayesema siku hizi watu wana simu janja. Wanazo, na nyingi zinabaki nyumbani. Kinachokwenda shambani ni kitochi, kwa sababu chaji yake inakaa siku kadhaa. Na hata mwenye simu janja hulisikia neno redioni kwanza. KOROSHO, kwa mfano, ni mibonyezo ishirini, na huku kwetu wapo wanaoitamka kolosho na kuiandika hivyohivyo. Hawajakosea kitu, mashine yako ndiyo inapaswa kupokea yote mawili.

Hata BEI ina mtego wake. Simu yenye kamusi ya Kiingereza ikibonyezwa 2, 3, 4 inaweza kuleta BEG. Ipokeeni BEG kama BEI. Pokeeni herufi ndogo, pokeeni nukta mwishoni.

Neno la pili ni la mahali, na hapa ndipo watu hukimbilia majina ya wilaya. NACHINGWEA: A na C kitufe kimoja, H na I kitufe kimoja, herufi kumi. TANDAHIMBA nayo ina HI. Lakini mkulima korosho yake inauzwa kupitia chama kikuu, na jina la chama analo kichwani. MAMCU, mibonyezo minane. TANECU, kumi na mmoja. RUNALI, kumi na minne. Zipimeni herufi kwa herufi: hakuna hata moja yenye jozi ya kitufe kimoja. Kwa hiyo ujumbe unakuwa:

```
BEI TANECU
```

Nafasi katikati wengine wataisahau. BEITANECU nayo ijibiwe.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi: kwenye menyu ya nyota na reli jina haliandikwi, linasomwa, na ukurasa mzima una herufi 182, nafasi zikiwemo. "Huduma ya Taarifa za Bei za Mnada" ni 33. Mistari mitano ya urefu huo, kila mmoja na namba yake, nukta na nafasi, pamoja na kuvunja mstari, haiingii. "Bei ya mnada" ni 12. Na jina la mtumaji wa ujumbe mwisho wake ni herufi 11; BEI KOROSHO inaenea barabara, ila jina hilo halijibiki, kwa hiyo namba fupi iandikwe ndani ya ujumbe kila mara.

La tozo tutalizungumza nje. Aliyekuja na jina la huduma yake apite mbele, kitochi hiki hapa.