Kasoro Hii Ilianza Lini? Mabega ya Njano, Mabaka na Makovu ya Kitako kwenye Nyanya

Wakulima wenzangu, habari za asubuhi. Kreti hii iliyo mezani ni ya mwenzetu mmoja aliye hapa ukumbini, na ameniruhusu nizikate nyanya zake mbele yenu. Anasema amepiga dawa ya ukungu kila wiki na bado zinatoka hivi: nyekundu chini, njano kuzunguka kikonyo. Nyingine zina mabaka ubavuni, na chache zimekunjamana kitakoni kama vile zimeshonwa. Hakuna iliyooza. Hakuna doa la ukungu. Dawa aliyopiga haikuwa na cha kuua.

Kasoro hizi tatu zinatokana na mazingira ambamo tunda lilikua, na kila moja ilianza kwa wakati wake. Ndiyo maana kila ninapoletewa nyanya yenye kasoro, ninahesabu siku kwenda nyuma. Kuanzia ua kuchanua hadi tunda kuiva ni siku 45 hadi 60, kutegemea aina na joto. Tuchukue 50 ili hesabu iwe rahisi.

Nianze na hili lililokunjamana. Tazameni kitako chake: kovu pana la kahawia, mikunjo, na hapa kuna tundu linaloingia hadi kwenye mbegu. Kasoro hii hutokea ndani ya tumba la ua, wiki tatu hivi kabla halijachanua. Baridi ikipita siku kadhaa wakati huo, hasa usiku wa chini ya nyuzi 12 au hivi, vyumba vya tunda hujiunda vingi kupita kiasi na haviungani vizuri. Ongezeni wiki hizo tatu kwenye siku zetu 50, mnapata kama siku 70. Kwa shada la kwanza, hapo mche ulikuwa bado kitaluni au ndiyo kwanza umehamishiwa shambani. Mwenzetu anasema matunda ya namna hii yalikuwa kwenye shada la kwanza tu, na kwamba kitalu chake kilikuwa wazi msimu wa baridi. Hesabu inakubali. Mashada ya juu yakiwa safi, msiwe na haja ya kuendelea kutafuta. Aina zenye matunda makubwa bapa, yenye vyumba vingi, huumia zaidi. Nyanya ndogo za mviringo ni nadra. Naitrojeni nyingi na kupogoa kwa nguvu huzidisha. Ila kama matunda ya mashada yote yamekunjamana na majani ya juu yamejipinda na kuwa membamba, hapo shuku dawa ya magugu ya jamii ya 2,4-D iliyopeperushwa na upepo au kubaki ndani ya bomba la kupulizia.

Mabega ya njano ndiyo yaliyojaza kreti, na hapa nitakaa. Nakata tunda kuanzia kikonyoni. Mnaona nyama iliyo chini ya njano? Ni nyeupe, ngumu, kisu kinakwama kidogo. Seli za sehemu hii ni ndogo na zimepangika ovyo, na vibeba-rangi vyake vya kijani havikugeuka kuwa vya rangi nyekundu kama ilivyopaswa. Mchakato huo ulianza tunda likiwa changa sana, muda mrefu kabla mkulima hajaona chochote. Kwa hiyo kuliacha tunda mtini wiki nzima zaidi hakusaidii. Sehemu nyekundu italainika na kupita kiasi, bega litabaki njano.

Kuna kitu kingine kinachofanana nayo, nacho ni joto. Rangi nyekundu ya nyanya, likopeni, hutengenezwa vizuri kwenye nyuzi 18 hadi 24. Likizidi nyuzi 30 kazi hiyo karibu husimama, huku rangi ya njano ikiendelea kutengenezwa. Na tunda lililopigwa na jua moja kwa moja huwa na joto zaidi ya hewa inayolizunguka, hasa begani. Kutofautisha, chumeni matunda kumi yaliyoanza kubadilika rangi, yawekeni kivulini penye ubaridi kiasi, yasipate jua, kwa wiki moja. Yakiwiva mekundu hadi juu, tatizo lilikuwa joto, na dawa yake ni majani ya kutosha kuyafunika. Bega likibaki njano na nyama ikiwa nyeupe, tatizo liko ndani ya tunda. Mwenzetu amefanya jaribio hili, yamebaki njano.

Basi tukaangalia udongo. Vipimo vyake vinaonyesha potasiamu kidogo na magnesi nyingi. Alipandia DAP, akakuzia CAN, na msimu uliotangulia alimwaga chokaa ya dolomaiti. Hakuna hata mfuko mmoja hapo wenye potasiamu, na dolomaiti imeongeza magnesi, ambayo hushindana na potasiamu mizizini. Tunda la nyanya huhitaji potasiamu kwa wingi: kila tani ya matunda hubeba kilo 2.4 hivi. Mavuno ya tani 20 kwa ekari yanaondoka na karibu kilo 48, bado majani na shina.

Mama mmoja hapa mbele ameuliza kama anaweza kuirekebisha kwa kupulizia potasiamu kwenye majani. Mama, hesabu inakataa. Ukipulizia kilo 2 za naitreti ya potasi kwenye ekari, umepeleka potasiamu isiyofika kilo moja. Mfuko mmoja wa kilo 50 wa salfeti ya potasi una kilo 20 hivi. Kinachobeba mzigo ni udongo. Weka nusu wakati wa kupanda na nusu iliyobaki kuanzia maua ya kwanza, kabla matunda hayajanenepa. Ukisubiri njano ionekane, umechelewa kwa matunda hayo yote. Na kama udongo wako una magnesi ya kutosha lakini ni chachu, tumia chokaa isiyo na magnesi. Pia chagua aina ambazo tunda lake bichi lina kijani cha namna moja kutoka juu hadi chini. Zile zenye bega la kijani kibichi sana huathirika kwa urahisi zaidi, ingawa mara nyingi ndizo tamu.

Mabaka ya ubavuni nitayapita haraka, kwa sababu kwenye kreti ni machache. Ukikata ukuta wa tunda chini ya baka unakuta mishipa ya kahawia au kijivu. Hutokea wakati tunda bichi limeshakua, wiki chache kabla ya kuiva, pale mwanga unapopungua, majani yanaposongamana, naitrojeni inapozidi potasiamu, au udongo unapotuama maji na kushindiliwa. Mwenzetu alivuna haya upande wa bondeni, ambako maji husimama. Lakini kabla ya kulaumu udongo, geuza majani. Makinda ya inzi weupe wakiwa wengi chini ya jani, matunda huiva kwa michirizi na ndani hubaki meupe, hata kama mbolea ni kamili. Na majani yakiwa na madoadoa ya kijani kilichopauka na kilichokolea, fikiria virusi vya mozaiki.

Kwa shamba hili, matunda yaliyoko mtini sasa tutayauza yalivyo. Salfeti ya potasi ataiweka leo kwa ajili ya mashada ya juu ambayo maua yake hayajafunga, na kitalu kijacho atakifunika usiku.