Sufuria Moja ya Maharage: Presha Kuka ya Umeme, Jiko la Indaksheni na Mtungi wa Gesi

Ndugu wasikilizaji, swali ninaloulizwa kila mara ni kama umeme ni nafuu kuliko gesi. Swali hilo halijibiki mpaka tujue kinapikwa nini na kinapikwa katika chombo gani, na kwa sababu hiyo leo nitabaki na chakula kimoja tu, yaani nusu kilo ya maharage makavu ambayo hayakulowekwa, katika nyumba ya Dar es Salaam inayonunua umeme kwa LUKU.

Nitachukua bei mbili. Mtungi wa kilo 15 tuuhesabu kwa shilingi 60,000, yaani shilingi 4,000 kwa kilo, na uniti moja ya umeme kwa mteja wa kawaida wa nyumbani, pamoja na kodi na tozo, tuihesabu kwa shilingi 356.

Jikoni kwangu niliuweka mtungi juu ya mizani kabla na baada ya kupika. Maharage katika sufuria ya kawaida, yakichemshwa kisha yakaachwa kwa moto mdogo karibu saa mbili, yalikula takriban gramu 130 za gesi, sawa na shilingi 520. Katika jiko la indaksheni, kwa sufuria iliyofunikwa vivyo hivyo na kwa muda uleule, mita ilisoma karibu uniti 0.9, yaani shilingi 320. Presha kuka ya umeme ya lita sita ilitumia uniti 0.35, ambazo ni kama shilingi 125.

Kwa nini tofauti iwe kubwa hivyo, ilhali indaksheni nayo ni umeme? Moto wa gesi hupoteza karibu nusu ya joto lake pembeni mwa sufuria, na indaksheni hupoteza kidogo sana, kwa kuwa joto huzaliwa ndani ya kitako cha sufuria chenyewe. Lakini sufuria isiyobana, hata ikiwa juu ya jiko zuri kiasi gani, kwa saa mbili nzima hutoa mvuke, na mvuke huo ndio unaoondoka na fedha yako. Ndani ya presha kuka maji hufika nyuzi joto 115 hivi bila kuchemka ovyo, maharage huiva kwa dakika arobaini na kitu, na kwa kuwa chungu kimefungiwa ndani ya ganda, kinu cha joto huwaka na kuzima chenyewe. Kwa sehemu kubwa ya muda huo hakitumii umeme kabisa. Haki itendeke pia kwa gesi: presha kuka ya kuweka juu ya jiko la gesi hushusha matumizi hadi gramu 55 hivi, yaani shilingi 220, ambayo ni nafuu kuliko indaksheni yenye sufuria ya kawaida.

Kuhusu hewa chafu, kilo moja ya gesi ya mtungi ikiungua hutoa karibu kilo tatu za kaboni dioksidi, kwa hiyo zile gramu 130 hutoa gramu 390. Umeme hutegemea unakotoka. Tuseme uniti zote zimefuliwa kwa gesi asilia, takriban nusu kilo kwa uniti: presha kuka itatoa gramu 175, lakini indaksheni itatoa 450, zaidi ya mtungi wenyewe. Uniti zikitoka katika maji, kama zinazofuliwa kwenye bwawa la Julius Nyerere mtoni Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115, hesabu hiyo hushuka karibu na sifuri kwa majiko yote mawili.

Walio katika kundi la matumizi madogo, wanaolipa takriban shilingi 122 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, wana hofu ya haki, kwa kuwa uniti zinazozidi hapo hutozwa bei ya juu. Maharage kila siku kwa presha kuka ni uniti kumi na nusu kwa mwezi. Kwa indaksheni ni ishirini na saba. Anayetumia uniti 60 sasa atabaki ndani ya mpaka kwa chombo cha kwanza na atauvuka kwa cha pili.

Kabla ya kununua indaksheni, chukua sumaku uijaribu kwenye vitako vya sufuria zako. Sufuria zetu nyingi za alumini hazishiki, na jiko litalia tu bila kupasha. Kwa presha kuka, angalia mpira wa mfuniko: mvuke ukipenya ukingoni, presha haipandi, kinu hakizimi, na uniti huongezeka bila maharage kuiva. Dalili hiyo hufanana na ya umeme hafifu, maana volti zikishuka kutoka 230 hadi 190, jiko la wati 1,000 hubaki na wati 680 hivi. Ukiona inachelewa, funika upya na usikilize ukingo kwanza. Pakiwa kimya, tatizo li kwenye waya. Chapati bado nazipika kwa gesi.