Hisa Zimeongezeka, Je, Mali Imeongezeka?

Ndugu zangu wa kikundi, asanteni kwa kunialika. Nitaanza na bahasha.

Miaka kadhaa iliyopita shangazi yangu alinitolea bahasha aliyokuwa ameihifadhi kabatini, chini ya kanga zake. Ilikuwa imetoka kwa kampuni ambayo yeye ana hisa zake. Aliitunza vizuri kwa kuwa aliona ina mhuri, lakini hakuifungua. Nilipoisoma nikakuta tarehe ya mwisho imepita wiki tano. Nikamwambia, shangazi, hapa ulikuwa unapewa haki ya kununua hisa mpya kwa bei ya chini. Akanijibu kwa utulivu kabisa: "Mwanangu, mimi nilizonazo zinanitosha. Sikununua, basi sijapoteza kitu."

Alikuwa amepoteza. Tena alipoteza pesa inayohesabika, na hakuna aliyemwibia. Ili tuone ilikwenda wapi, lazima tupitie kwanza mambo mawili mepesi, ndipo tufike kwenye ile barua.

La kwanza ni kugawanya hisa. Februari 2009 Benki ya Equity ya Kenya iligawanya kila hisa yake kuwa hisa 10. Thamani iliyoandikwa kwenye hisa moja ikashuka kutoka shilingi 5 hadi senti 50. Aliyelala na hisa 100 aliamka na hisa 1,000, na bei ya kila moja sokoni ikawa kama sehemu moja ya kumi ya ile ya zamani. Benki haikupata hata shilingi mpya, wala mwanahisa hakutoa hata shilingi. Ni noti ya elfu kumi iliyovunjwa kuwa noti za elfu moja. Faida yake ni kwamba mtu mwenye pesa kidogo sasa anaweza kuingia, na hisa zinauzika kwa urahisi zaidi.

Kinachowatisha watu ni kuangalia bei peke yake. Ukifungua simu siku hiyo na mchoro wa bei haujarekebishwa, utaona hisa imeporomoka kwa asilimia 90. Usiuze kwa hofu. Zidisha idadi mpya kwa bei mpya. Jibu likikaribiana na la jana, hakuna kilichoharibika. Na kwenye daftari lako la nyumbani, bei uliyonunulia igawanye vilevile kwa 10. Usipofanya hivyo, mwaka kesho utajihesabia hasara ambayo haipo.

La pili ni hisa za bonasi. Hapa jina lenyewe ndilo linalopotosha, maana kazini bonasi ni pesa ya nyongeza. Mwaka 2017 Benki ya Ushirika ya Kenya iliwapa wanahisa wake hisa 1 ya bonasi kwa kila hisa 5. Zinatoka wapi? Kampuni huwa na faida ya miaka iliyopita ambayo haikuigawa. Faida hiyo tayari ni ya wanahisa, imo ndani ya kampuni. Wakurugenzi wanaihamisha kwenye vitabu, kutoka fungu la akiba kwenda fungu la mtaji wa hisa, na kwa uhamisho huo wanatoa hisa mpya. Pesa haijatoka nje ya kampuni wala haijaingia. Kwa hesabu ya mfano tu, mtu mwenye hisa 500 za shilingi 18 ana shilingi 9,000. Akipewa bonasi ya 1 kwa 5 anakuwa na hisa 600, na bei inayolingana ni shilingi 15. Bado ni shilingi 9,000.

Mtasema, mbona wanahisa hufurahia bonasi? Wana sababu moja ya haki. Kama kampuni itaendelea kulipa gawio lilelile kwa kila hisa, mwenye hisa 600 atapokea zaidi kuliko alipokuwa na 500. Lakini hapo kilichoongezeka ni uamuzi wa kampuni kulipa pesa nyingi zaidi, na ingeweza kufanya hivyo bila kutoa hisa hata moja. Kwa hiyo ukisikia bonasi, subiri tangazo la gawio ndipo ujue kama kuna jipya.

Sasa tuje kwenye ile bahasha. Hisa stahiki ni jambo la aina nyingine, kwa sababu hapa pesa inaingia kweli. Kampuni inahitaji mtaji, na badala ya kwenda kwa wageni inawaambia wanahisa wake: ninyi mnastahili kununua kwanza, kila mtu kwa kadiri ya alichonacho. Wengi mnakumbuka Benki ya CRDB ilivyofanya mwaka 2015. Ilitoa haki ya hisa 1 mpya kwa kila hisa 5, kwa bei ya shilingi 350. Benki ilikuwa na hisa kama bilioni 2.18, kwa hiyo hisa mpya zilikuwa kama milioni 435, za shilingi zipatazo bilioni 152.

Tuchukue masharti hayo ya kweli, 1 kwa 5 kwa shilingi 350. Bei ya sokoni kabla ya haki kutoka nitaiweka mimi iwe shilingi 400, ili hesabu iwe nyepesi. Mama mmoja ana hisa 1,000. Mali yake ni shilingi 400,000. Anapewa haki ya kununua hisa 200, ambazo zitamgharimu shilingi 70,000. Akinunua zote, ana hisa 1,200 ambazo ndani yake kuna ile laki nne ya zamani na elfu sabini aliyoiweka, jumla 470,000. Gawanya kwa 1,200, unapata shilingi 391 na senti 67. Hiyo ndiyo bei inayotarajiwa baada ya hisa mpya kuingia. Hisa zimeshuka kwa shilingi 8 na senti 33 kila moja, lakini mama huyu hajapoteza, kwa sababu zile 200 amezipata kwa 350 na zina thamani ya 391.67. Alichopungukiwa upande huu amekipata upande ule, mpaka senti.

Sasa mwangalieni shangazi. Tumpe naye hisa 1,000. Yeye hakununua. Ana hisa zake zilezile 1,000, hazijaguswa na mtu, lakini sasa kila moja ni shilingi 391.67. Mali yake ni shilingi 391,667. Shilingi 8,333 zimeondoka. Zilihamia kwa wale walionunua hisa mpya chini ya bei yake, zikiwemo zile ambazo zilikuwa stahiki yake.

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapokwama. Punguzo la bei kwenye hisa stahiki si zawadi ya kampuni. Linatoka kwenye hisa zako za zamani. Jaribuni kuweka bei ya shilingi 200 badala ya 350. Mama anayenunua zote atatoa 40,000, atakuwa na jumla ya 440,000 kwa hisa 1,200, yaani shilingi 366.67 kila moja. Bado hajapata wala hajapoteza. Lakini aliyelala sasa amepoteza shilingi 33,333. Kwa hiyo msiulize "punguzo ni kubwa kiasi gani" kana kwamba ni bei ya sokoni Kariakoo. Kwa anayeitumia haki yake yote, ukubwa wa punguzo hauna maana. Kwa asiyeitumia, ndio ukubwa wa hasara yake.

Na uwiano nao una uzito. Mwaka 2012 Shirika la Ndege la Kenya lilitoa haki ya hisa 16 mpya kwa kila hisa 5, kwa shilingi 14 ya Kenya. Soma tena: 16 kwa 5. Mwenye hisa 1,000 aliombwa anunue 3,200, yaani atoe shilingi 44,800. Wengi hawakuweza au hawakutaka. Shirika lilitafuta shilingi bilioni 20.7 likapata kama bilioni 14.5. Hisa zilikuwa kama milioni 462, zikawa kama milioni 1,496. Aliyekuwa na asilimia 1 ya shirika na hakununua alibaki na asilimia 0.31. Fungu la Serikali ya Kenya, kwa upande mwingine, lilipanda kutoka asilimia 23 hadi karibu 30.

Kisa hicho kinaonyesha pia hesabu hii inaishia wapi. Nilipojumlisha 400,000 na 70,000, nilichukulia kwamba shilingi moja inayoingia kampuni inabaki shilingi moja. Hilo ni la siku ya kwanza tu. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 shirika lile lilitangaza hasara ya shilingi bilioni 25.7 za Kenya. Hesabu ya haki inakuambia usipoteze chako leo. Haikuambii kama kampuni inastahili pesa yako, na jibu hilo utalitafuta kwenye waraka wa matarajio, pale wanapoeleza pesa inakwenda kufanya nini. Kama ni kulipa madeni ya zamani, soma mara mbili.

Swali la ndugu pale nyuma: "Na kama nimeridhika na kampuni lakini sina hiyo elfu sabini?"

Ni swali zuri, na shangazi angekuwa nalo. Kwanza soma kama waraka unaruhusu kuuza haki zenyewe, na mwisho ni lini, kwa sababu siku ya kufunga mauzo ya haki hutangulia siku ya mwisho ya kulipia. Haki moja katika mfano wetu ina thamani ya 391.67 kutoa 350, yaani shilingi 41.67. Ukiuza zote 200 unapata 8,333, na hizo ndizo zilezile zilizompotea shangazi. Mali yako inabaki laki nne, ila sehemu yake ni taslimu.

Au uza baadhi ununulie nyingine. Mwambie dalali wako auze haki 179. Utapata kama shilingi 7,458. Haki 21 zilizobaki zinahitaji shilingi 7,350. Unazilipia kwa pesa hiyohiyo, na chenji inabaki kama shilingi 108. Hujatoa kitu mfukoni, na sasa una hisa 1,021 za shilingi 391.67. Zidisha, jumlisha na chenji: shilingi 400,000, kabla ya kamisheni ya dalali.